Klipu ya sekunde 15 yenye maneno yanayogonga na biti: skripti na kapsheni, kazi nzima hatua kwa hatua

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na kote huku juu, naona wasanii wetu wengi wanaposti TikTok kipande cha ngoma na maneno juu yake, sauti kali, picha safi, ila maneno yanakuja yamechelewa au yanakuja sentensi nzima kwa mkupuo, mtu anamaliza kusoma kabla hujaimba na hana tena sababu ya kubaki. Mi naeditia wasanii klipu hapa Mwanjelwa na hii ndo kazi inayonila muda kuliko zote, so nataka niielezee yote kwa ngoma moja tu tuliyoifanya na dada mmoja wa Uyole, ili uone namba zenyewe zinavyokaa.

Kitu kikubwa cha kuelewa kwanza. Mafunzo mengi ya kuweka maneno kwenye biti yametengenezwa kwa Kiingereza, wanakwambia neno moja mdundo mmoja. Kiswahili hakiendi hivo. Maneno yetu ni marefu, "umeshapita" lina silabi tano, na mkazo hauko mwanzoni, uko silabi ya pili kutoka mwisho: u-me-sha-PI-ta. Yaani msanii akiimba, ile PI ndo inadondoka kwenye mdundo, u-me-sha zinakuja kabla yake zikikimbia. Kwahiyo ukiweka neno litokee pale ngoma inapogonga, umechelewa tayari, msikilizaji ameshasikia silabi tatu na kioo hakina kitu. Karibu kila klipu ninayoletewa nirekebishe tatizo lake ni hili.

Sheria ninayoitumia ni rahisi: neno linatokea kwenye silabi yake ya kwanza, linashtuka kwenye silabi ya mkazo. Kutokea ni jambo moja, kushtuka (kukua kidogo, kubadilika rangi, kuruka) ni jambo lingine, usiyachanganye.

Haya tuanze na kuhesabu, maana bila BPM, yaani idadi ya midundo kwa dakika, unapapasa gizani. Prodyuza wako anaijua, muulize. Kama hapatikani weka ngoma, shika saa, hesabu midundo unayoipigia mguu kwa sekunde 15 halafu zidisha kwa 4. Ya huyu dada tulipata midundo 24, 24 mara 4 ni 96. Kisha gawanya 60 kwa 96 unapata 0.625, hiyo ndo sekunde ya mdundo mmoja. Baa moja ya midundo minne inakula sekunde 2.5, na sekunde 15 zinakuwa baa sita kamili. Hapo tulibahatika, namba zimekaa zenyewe. Kama ngoma yako ni BPM 100, baa sita zinaishia sekunde 14.4, basi klipu yako ni ya sekunde 14.4, usiongeze kipande ili tu ifike 15. Kwa 128 unapata baa nane kamili. Jali baa kuliko sekunde, kwasababu klipu ikiisha inaanza tena yenyewe, na ikiwa imekatwa katikati ya baa mguu wa msikilizaji unajikwaa, anapita. Ikiwa imekatwa pale baa inapoisha, inazunguka mara ya pili kabla hajagundua.

Ukipigia mguu mara mbili zaidi ya inavyotakiwa utapata 192 badala ya 96, sio shida sana, gawanya kwa mbili ukiona maneno yanatambaa juu ya hesabu yako.

Sasa chagua kipande. Usianze na kinanda cha mwanzo, anza na sauti ya mtu. Huyu dada alitaka tuanze na utangulizi wa gitaa wa sekunde nne, nikamwambia dada gitaa ni zuri sana ila hapa hatuna nafasi ya sekunde nne za kusubiri, tukaanza na mstari wenyewe. Mashairi ya kipande ni haya, ngoma inaitwa Koti Lako:

Gari limetoka Uyole
Nimebaki na koti lako
Makambako umeshapita
Simu yako inakatika
Ukifika niambie
Baridi hii ya nani?

Mistari sita, baa sita. Na ona swali limekaa mwisho, halijajibiwa, klipu ikizunguka "Gari limetoka Uyole" inakuwa kama ndo jibu lake. Hilo hatukulipanga siku ya kwanza, tulikuwa tunaanzia "Makambako umeshapita" na tukaishia "koti lako", ikawa inaisha kama imefungwa. Jaribu kuanzia sehemu tofauti za korasi yako kabla hujakubali ya kwanza.

Ukishapata mistari usifungue simu bado. Chukua karatasi. Andika kila mstari, gawa silabi, pigia mstari chini ya ile ya mkazo, halafu imba huku unapiga meza na uweke alama mdundo unaangukia wapi. Mara nyingi utakuta msanii anafuata mkazo wa kawaida wa neno, ila sio kila mara, kuna waimbaji wanausogeza mkazo kwa ajili ya melodi, hapo fuata sikio usifuate sarufi. (Na kuna maneno yenyewe ni watata, baraBAra ni njia na baRAbara ni sawasawa, ukishtua silabi isiyo yake umebadilisha maana ya wimbo.)

Chukua mstari wa tatu, ndo wenye funzo lote. Ma-ka-MBA-ko. Baa ya tatu inaanza sekunde ya 5.00 na hapo hapo ndo MBA inagonga. Lakini "ma" anaianza sekunde 4.69, bado tuko baa ya pili, "lako" ndo kwanza limeisha. Kwenye toleo la kwanza niliweka neno litokee 5.00 kwasababu ndo mwanzo wa baa na lilionekana limenyooka vizuri kwenye apu. Tukaangalia. Neno linachelewa sekunde 0.31, kwa video ya fremu 30 kwa sekunde hizo ni fremu tisa. Fremu tisa unaziona kwa macho, inakuwa kama mtu anakutafsiria. Tukalirudisha mpaka 4.69 likatokea na "ma", halafu pale 5.00 tukalikuza kidogo, asilimia kama 10 hivi, fremu nne likarudi saizi yake. Likakaa.

Skripti yote ilikuwa hii, namba ya kushoto ni sekunde neno linapotokea, herufi kubwa ni silabi inayoshtuka:

```
 0.00  GAri limeTOka
 1.72  uYOle
 2.50  nimeBAki
 3.59  na KOti LAko
 4.69  makaMBAko
 5.78  umeshaPIta
 6.88  (kioo kitupu)
 7.50  SImu YAko
 8.91  inakaTIka
 9.69  ukiFIka
10.94  niaMBIe
12.34  baRIdi HIi
13.59  ya NAni?
15.00  mwisho, hakuna kitu baada ya hapa
```

Hizo herufi kubwa ni za kwako wewe mwediti tu, kwenye kioo andika kawaida. Na angalia tulivyokata: "na koti lako" imekaa pamoja, hatukuacha "na" ining'inie mwisho wa kipande cha kabla. Hizi na, ya, la, kwa, ni, zinaambatana na neno linalofuata, ukizitenganisha msomaji anakwama kidogo kila mara. Vilevile neno refu usilikate kwa kistari likaanguka mistari miwili, "inakati-" juu na "ka" chini, punguza saizi ya maandishi au lipe mstari wake peke yake.

Kila mstari wa wimbo una vipande viwili na havifutani. "Gari limetoka" linakaa, "Uyole" linakuja chini yake, vyote vinaondoka kwa pamoja mstari mpya ukiingia. Hivo hata neno fupi lililotokea kwa nusu sekunde macho bado yanalipata. Hapo 6.88 kioo kitupu ni makusudi, dada ananyamaza mdundo mzima na maandishi yanyamaze naye. Ukiacha "Makambako umeshapita" limeganda pale wakati sauti haipo, ule ukimya unapotea.

Turudi kwenye simu sasa. Natumia CapCut kwasababu ndo wengi tunayo, ila apu yoyote yenye mstari wa muda inafanya. Kabla hata ya kuifungua hakikisha una sauti sahihi. Usitumie ile uliyotumiwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, mwambie prodyuza akutumie faili kama dokumenti, na ikiwezekana iwe WAV. Faili za mp3 mara nyingi zina kimya kidogo sana mwanzoni ambacho hukisikii, ila kinasukuma kila kitu mbele. Ukiweka mp3, vuta mstari wa muda kwa vidole viwili mpaka uone mawimbi ya sauti, kata kile kimya mpaka wimbi la kwanza lianzie kwenye sifuri kabisa.

Kisha gusa sauti, ingia Beats, weka alama mwenyewe kwa Add beat huku unasikiliza. Ile ya otomatiki ijaribu tu uone, kwa biti yenye ngoma nzito inapatia, kwa gitaa laini kama la huyu dada iliweka alama ovyo. Ukimaliza utakuwa na vidoti 24. Kidoti cha 5 kikiwa kwenye 2.50 na cha 9 kwenye 5.00 uko sawa, kama kimoja kimesogea kirekebishe sasa, ukikiacha utakuja kulia baadaye.

Maneno andika kwa mkono. Maandishi ya otomatiki yanaweka sentensi nzima kwa pamoja na kwa Kiswahili cha kuimbwa yanakosea mno, utatumia muda mwingi kusahihisha kuliko kuandika vipande 12. Kila kipande, ukiacha cha kwanza kabisa, kiweke fremu moja au mbili kabla ya ile namba kwenye skripti, jicho linapenda kutangulia kidogo. Kuwahi fremu mbili hakuna anayeona, kuchelewa fremu mbili ngoma inaonekana nzito.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Usieditie muda kwa erifoni zisizo na waya. Zile sauti inafika masikioni imechelewa, kidogo tu, ila ni kuliko hizo fremu mbili tunazozipigania. Mimi mwaka jana niliedit klipu nzima ya mteja nimevaa hizo, usiku, kwangu ilikuwa imekaa kabisa, asubuhi akaposti, watu kwenye komenti wanaandika "mbona maneno hayaendani na wimbo". Kilichotokea ni kwamba niliyavuta maneno yaendane na sauti iliyochelewa, so kwa wengine wote yalikuwa nyuma kwa kiasi kile kile, yote, kipande kwa kipande. Ndo dalili yake hiyo: yakikosea yote kwa umbali sawa tatizo ni erifoni au kile kimya cha mwanzoni, yachague yote uyasogeze kwa pamoja. Yakianza vizuri halafu yanazidi kuachana na wimbo kadri unavyoenda, tatizo ni BPM uliyohesabu. Yakikosea mojamoja ni mkono wako tu. Tumia erifoni za waya, hata zile za bei ya chini kabisa pale sokoni.

Picha nitazisema kwa kifupi. Kioo cha wima, 1080 kwa 1920, fremu 30. Badilisha picha mwanzo wa baa tu, na sio kila baa. Sisi tulikuwa na picha tatu, kila moja baa mbili: stendi ya Uyole alfajiri na ukungu (0 hadi 5), mkono umeshika simu (5 hadi 10), koti limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango halafu anakuja kulichukua (10 hadi 15). Mwisho analivaa na kuangalia dirishani ambako kuna ule ule ukungu, kwahiyo ikirudi mwanzo haikati sana macho. Kama msanii anaimba mbele ya kamera, piga ngoma kwa sauti pembeni na apige kofi moja mwanzoni, lile kofi ndo utalitumia kulinganisha mdomo na wimbo.

Ukungu ni mzuri ila una gharama yake, ukishuka huku kwetu anga lote ni jeupe, na maandishi meupe juu yake hayaonekani. Weka maandishi meupe yenye ukingo mweusi mnene, au tia giza picha kidogo. Fonti nene, isiyo na mikia. Rangi moja ya maandishi, na neno moja tu kwenye klipu nzima lenye rangi tofauti, sisi tulichagua "koti", njano. Ukipaka kila neno la mkazo rangi yake hakuna kinachojitokeza tena.

Maandishi yakae katikati au juu kidogo ya katikati. Chini kabisa pana jina lako na kapsheni, kulia pana vitufe vya kupenda na kukomenti, hizo sehemu zote zitafunikwa na kwenye apu ya kuedit huoni. Usije ukapenda kuweka chini kama tamthilia za kutafsiriwa.

Kabla hujahifadhi nenda mwisho kabisa wa mstari wa muda, CapCut inapachika kipande chake cha kufungia, kifute. Mtu kafanya kazi siku nzima ili klipu izunguke kwenye mdundo halafu inaisha na nembo. Hifadhi 1080p, fremu 30, urefu 15.00. Halafu jaribio: zima sauti kabisa, iangalie, na upige kidole kwenye paja kila neno linaposhtuka. Kama kidole kinapiga mdundo wa ngoma bila kuusikia, umemaliza. Kama kinapapasa, rudi pale kilipopapasa. Kisha iangalie kwenye simu ya mtu mwingine, tofauti na uliyoedit.

Kapsheni sasa. Wengi wanaandika "Ngoma mpya inakuja tusapotiane" na ni kapsheni ambayo inaweza kukaa kwenye wimbo wowote duniani, haimpi mtu kitu cha kujibu. Nyingine wanarudia mashairi yale yale ambayo tayari yanaonekana kwenye video. Kapsheni iseme kile ambacho wimbo haujasema. Na kitu muhimu kiwe mstari wa kwanza, ndo unaoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi. Ya kwetu ilikuwa hii:

```
Koti lake bado liko nyuma ya mlango. Nimtumie au nilivae?
Koti Lako, Ijumaa hii.
#kotilako #mbeya #bongofleva
```

Mstari wa kwanza una kitu cha kushika (koti, mlango) na swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa neno moja hata kama hajawahi kukusikia. Ukiuliza "mnaionaje?" utapata vidole gumba tu. Mstari wa pili jina na siku, basi, na siku usiiweke kama bado hujawa na uhakika nayo. Hashtagi tatu zinatosha: ya wimbo, ya mahali, ya aina ya muziki. Sisi "mbeya" tuliiweka kwasababu Uyole inatajwa kwenye wimbo, na mtu wa Tukuyu au Chunya akisikia Uyole anasimama.

Kama wimbo wako una neno la nyumbani, labda "ugonile" au "kamwene", liandike kwenye kioo kama linavyotamkwa na usilitafsiri pale pale, nafasi haitoshi na linapoteza ladha. Maana yake iweke kwenye komenti ya kwanza uibandike juu. Watu watabishana namna ya kuliandika, waache wabishane.

La mwisho ni jina la sauti. Ngoma ambayo haijatoka rasmi, TikTok inaipa jina la akaunti yako tu, so mtu akiitumia kwenye video yake hakuna jina la wimbo popote. Ingia kwenye ukurasa wa sauti yenyewe ubadilishe jina, weka jina la wimbo na lako, na soma herufi moja moja kabla ya kukubali. Ya kwetu inasomeka "Koti Lako", na klipu ya kwanza ya mtu mwingine kuitumia ilikuwa ya konda mmoja, kasimama mlangoni mwa basi na koti begani, "Makambako" inatokea na "ma" yake palepale 4.69.